Maswali na majibu: melodi ya kwanza kwa noti tano

Shikamoo mwalimu. Naimba kwaya lakini noti sizijui, nafuata sauti za wenzangu tu. Nasikia mtu anaweza kutunga kwa pentatoniki bila kusomea muziki. Pentatoniki yenyewe ni ipi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Kama uko kwaya, basi do re mi fa so la ti umeshaisikia mara nyingi. Toa fa, toa ti. Zinabaki do, re, mi, so, la. Hizo tano ndizo pentatoniki, na kwa melodi ya kwanza zinatosha kabisa.

Ili uzishike kwa mkono, tafuta kinanda, hata kile cha kwenye simu, uguse vitufe vyeusi peke yake. Utaona vimekaa kwa makundi: vitatu, viwili, vitatu, viwili. Kundi la vitatu, ukianzia kushoto, ni do, re, mi. Kundi la viwili linalofuata upande wa kulia ni so, la. Ukiendelea kulia unakuta kundi jingine la vitatu, na hapo inaanza do ya juu. Ukirudi kushoto ya do yako ya kwanza, vile viwili ni so na la za chini.

Kwa nini tumetoa fa na ti na si nyingine? Kwa sababu fa imebanana na mi, na ti imebanana na do. Noti zilizobanana namna hiyo zikilia pamoja hukwaruzana, na mwimbaji mgeni ndipo anapoteleza. Kwenye vitufe vyeusi unaweza kuliona jambo hili kwa macho: kati ya kila viwili jirani kuna angalau kitufe kimoja cheupe. Hakuna waliobanana.

Siku mbili za kwanza usitunge chochote. Gusa kitufe, imba jina lake, mpaka uweze kutoka do kwenda so kwa sauti yako mwenyewe kisha uguse kitufe kuhakikisha tu.

Nimecheza vitufe vyeusi karibu wiki nzima. Hakuna kinachosikika vibaya, lakini wimbo pia hakuna. Kesho yake sikumbuki hata kimoja. (Msomaji, Morogoro)

Ni kawaida ya noti hizi. Katika noti saba, ti huwa na hamu ya kupanda do, na fa hulalia mi. Sikio linavutwa bila wewe kufanya lolote. Ukiziondoa hizo mbili, ugomvi unaisha, lakini mvuto nao unapungua sana. Noti tano zinapatana na kila moja inaweza kuwa mwanzo au mwisho, kwa hiyo usipoamua wewe nyumbani ni wapi, melodi itazunguka usiku kucha.

Nyumbani iwe do. Irudie mara kwa mara, iweke pale mguu unapokanyaga, na mwishoni ishikilie kuliko noti nyingine zote. Kisha gawa melodi yako sehemu mbili zenye urefu sawa. Ya kwanza iishie kwenye so au re, na msikilizaji atahisi kuna jambo bado. Ya pili iishie kwenye do. Mabadiliko hayo peke yake yatakusaidia kuliko kuongeza noti.

Kuhusu kusahau, nadhani tatizo liko kwenye vidole. Vidole havihitaji kuvuta pumzi wala havichoki kuruka, kwa hiyo vinatoa mistari mirefu isiyo na pa kupumzikia. Weka kinanda pembeni uanze kwa kuimba. Chukua do, re na mi tu. Tunga kipande cha noti nne au tano, kiimbe, kirudie vilevile, kisha mara ya tatu badilisha mwisho wake. Ondoka, kaoshe vyombo. Ukirudi na bado unakiimba bila kusikiliza rekodi, kihifadhi. Kikiwa kimepotea, kilikuwa kirefu mno au kiliruka mno. Mimi nilitunga miezi mingi nikitumia noti zote tano katika kila mstari, na hakuna mwanakwaya aliyeshika hata mmoja mpaka nilipoanza kuzibania.

Nina maneno yangu tayari, mistari miwili: "Bahari imetulia, ngalawa zarudi pwani." Nikiyaimba yanasikika kama mtu asiyejua Kiswahili. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Maneno mazuri, na mizani imetimia, minane kwa minane. Naamini umempa kila mzani pigo moja sawasawa, ukapiga kofi kwenye wa kwanza, wa tatu, wa tano na wa saba. Jaribu kusema hivyo kwa sauti: BA-ha-RI i-ME-tu-LI-a. Hapo ndipo Kiswahili kinapovunjika. Neno letu hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-HA-ri, i-me-tu-LI-a, nga-LA-wa, za-RU-di, PWA-ni. Silabi hizo ndizo zipewe kofi, na ikiwezekana zivutwe kidogo.

Hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, mwendo wa makasia, na kofi lianguke kwenye moja. "Ba" inatangulia kabla ya kofi la kwanza, na "nga" inatangulia mstari wa pili vivyo hivyo. Kistari hapa chini maana yake endelea kushikilia kwa pigo moja zaidi:

ba | HA – ri | i me tu | LI – – | a – nga |
LA wa za | RU – di | PWA – – | ni – –

Kabla ya kuweka noti yoyote, yaseme maneno kwa mwendo huu ukipiga makofi. Yakisikika kama mtu anayezungumza polepole, kazi kubwa imekwisha. Noti mojawapo zinazofaa ni hizi:

so ya chini | do – re | mi mi so | la – – | so – mi |
so so mi | re – mi | re – – | do – –

Tazama kilichotokea. "Ba" inaanzia chini na kupanda hadi do kwenye "HA", kwa hiyo mkazo wa neno na mpando wa sauti vimekutana. Kilele ni kimoja tu, la, kwenye "LI" ya "imetulia", na kimeshikiliwa mapigo matatu. Laiti ningeigusa la tena kwenye "ngalawa", ile ya kwanza ingepoteza nguvu. Mstari wa kwanza unapumzikia so kwenye "a", bado tuko baharini. Wa pili unashuka polepole, unagusa mi tena kidogo kwenye "di", unasita kwenye re kwa "PWA", kisha "ni" inatua do. Ngalawa imefika.

Sasa badilisha kitu kimoja ujisikilizie mwenyewe: "ni" ya mwisho iimbe kwa so badala ya do. Wimbo utaning'inia, na msikilizaji atasubiri ubeti wa pili. Huo ni uamuzi wako, si kosa.

Ukifika ubeti wa pili, kuhesabu mizani hakutoshi. "Wavuvi wafurahia" utaingia bila shida kwa sababu mkazo uko palepale, wa-VU-vi na wa-fu-ra-HI-a. Lakini "Watu wote wafurahi", ingawa nao una mizani minane, utakulazimisha kuimba wa-TU wo-TE. Hapo rekebisha maneno, usiiguse melodi.

Nikiishia kwenye la badala ya do, wimbo unakuwa wa huzuni. Nimeharibu? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Noti ni zilezile tano, umehamisha nyumba tu. La ikiwa nyumbani, noti inayoifuata juu ni do, na umbali huo ndio unaoleta kiza unachokisikia. Kosa ni kuanza na nyumba moja na kumalizia nyingine bila kukusudia. Ukichagua la, basi la ndiyo irudiwe na ndiyo ifunge. Do iwe ya kupita.

Sina kinanda, nina gitaa. Vitufe vyeusi nitavipata wapi? (Msomaji, Bujumbura)

Tumia uzi mmoja tu kwa sasa, na mkono wa kushoto uhesabu vyumba. Uzi ukiwa wazi ni do. Chumba cha 2 ni re, cha 4 ni mi, cha 7 ni so, cha 9 ni la, na cha 12 ni do ya juu. Ukiona melodi iko juu mno kwa koo lako, hamia uzi mnene zaidi, hesabu ni ileile. Ukihitaji so ya chini, isogeze do yako hadi chumba cha 5. Hapo so ya chini ni uzi wazi, la ya chini ni chumba cha 2, na nyingine zote zinapanda vyumba vitano.

Babu yangu ni Mgogo, anapiga zeze na ilimba. Nyimbo zake nikizitafuta kwenye vitufe vyeusi noti moja haikai kabisa. Mimi ndiye sina sikio? (Msomaji, Dodoma)

Sikio lako liko sawa, kinanda ndicho hakina noti hiyo. Noti za Wagogo zinafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema: uzi hutetema mzima, na papo hapo hutetema kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Do, re, mi na so zinapatikana humo, ndiyo maana nyingi umezipata. Lakini mahali pa la pana sauti ya saba katika mfululizo huo. Iko juu ya la na chini ya ti, na inaangukia katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Ukiilazimisha kwenye kitufe kilicho karibu, itasikika imepanda.

Sikiliza rekodi za Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, utaisikia noti hiyo ikirudi tena na tena bila kuona haya. Kwa hiyo ukitaka kutunga kwa sauti ya babu, funga kinanda. Mwombe akupigie ilimba noti moja moja, wewe uimbe kila moja mpaka aridhike, kisha tunga kwa mdomo na ilimba ikiwa pembeni yako. Nyumbani, kilele kimoja na mkazo wa maneno vitafanya kazi vilevile, ila maneno ya Kigogo usiyapime kwa mkazo wa Kiswahili. Msikilize yeye anavyoyasema kabla hujapiga kofi.