Tarehe za mwisho hazisogezwi kwa mkumbo

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaongoza timu ya watu sita wa programu, watano tuko hapa Dodoma na mmoja yuko Nairobi. Sprinti yetu, yaani kipindi chetu cha kazi cha wiki mbili, inaanza Jumatatu tarehe 30 Machi 2026 na kuisha Ijumaa tarehe 10 Aprili. Ndani yake kuna Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Karume, na mpimaji wetu wa programu yuko likizo ya mwaka ya siku 28 tangu tarehe 23 Machi. Nimesogeza tarehe za mwisho zote mbele kwa siku tatu na kuacha kasi yetu ileile ya pointi 40 za makadirio ya kazi kwa sprinti, tukikwama tutafidia Jumamosi. Je, inatosha, au kuna programu itakayorekebisha yenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, haitoshi. Kusogeza tarehe zote kwa idadi moja ya siku ni kosa ninaloliona kila mwaka Pasaka na Idd zinapokaribia, na linaendelea kwa sababu kwenye jedwali linaonekana kama kazi iliyofanyika.

Tazama linavyoziharibu tarehe zako. Kazi ya siku nne inayoanza tarehe 30 Machi inaisha Alhamisi tarehe 2 Aprili, kabla ya sikukuu yoyote, kwa hiyo haikupaswa kuguswa, lakini wewe umeipeleka tarehe 5, ambayo ni Jumapili ya Pasaka yenyewe. Kazi ya siku tano iliyoanza siku hiyohiyo ingeisha Ijumaa tarehe 3. Ukiongeza siku tatu inaangukia tarehe 6, nayo ni sikukuu, ilhali kwa mtu wa Dodoma siku yake ya tano ya kazi ni Jumatano tarehe 8. Kazi ya siku tatu inayoanza tarehe 8 haina sikukuu mbele yake na inaisha tarehe 10, ila kwa hesabu yako imetupwa nje ya sprinti. Sikukuu inaigusa kazi pale tu inapokaa kati ya siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na kwa hiyo kila kazi huhesabiwa upya kutoka siku yake ya kuanza, kwa kalenda ya mtu anayeifanya. Katika Excel, kama B2 ni siku ya kuanza, C2 ni idadi ya siku za kazi, na karatasi ya Sikukuu ina tarehe 3, 6 na 7 Aprili, fomula ni hii:

```
=WORKDAY(B2-1, C2, Sikukuu!$A$2:$A$4)
```

Ile `-1` usiiache, kwa sababu `WORKDAY` huanza kuhesabu siku inayofuata ile uliyoipa, na bila kurudi nyuma siku moja kazi yako ya siku tano itaonekana inaisha tarehe 9 badala ya tarehe 8. Mwenzenu wa Nairobi awe na orodha yake, kwani Kenya wanapumzika Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka lakini hawana Karume. Tarehe 7 atakuwa kazini peke yake, hivyo apewe kazi ambayo haisubiri mtu wa Dodoma kuikagua siku hiyo.

Sasa uwezo wa timu. Watu sita kwa siku kumi ni siku 60 za kazi. Wengi hutoa sikukuu tatu kwa watu wote sita, yaani siku 18, kisha hutoa siku kumi za aliye likizo na kubaki na 32. Hapo wamemkata aliye likizo mara mbili kwa siku zilezile tatu, na wamemnyima wa Nairobi siku moja ambayo atafanya kazi. Hesabu sahihi huenda mtu kwa mtu: wanne wa Dodoma wana siku saba kila mmoja, wa Nairobi ana nane, mpimaji ana sifuri, na jumla ni 36. Zile siku 28 nazo zisikuchanganye, kwa maana sheria yetu ya ajira inazihesabu mfululizo, wikendi na sikukuu zikiwamo. Likizo ya tangu tarehe 23 Machi inaisha Jumapili tarehe 19 Aprili, na katika kipindi hicho timu inapoteza siku 17 tu za kazi.

Siku 36 kati ya 60 ni asilimia 60, kwa hiyo pointi 40 zinashuka hadi 24, ikiwa zile 40 zilipatikana timu ikiwa kamili. Kama sprinti zilizopita nazo zilikuwa na mapengo, gawanya jumla ya pointi kwa jumla ya siku za kazi zilizokuwapo kweli, ndipo uzidishe kwa 36. Mimi ningeshuka tena hadi 22, kwa sababu kikao cha kupanga na kile cha tathmini havipungui urefu eti kwa kuwa sprinti imepungua.

Hata hizo 22 zinachukulia kwamba watu wote wanaweza kushika kazi yoyote, na kwako si hivyo, maana aliyeondoka ndiye mpimaji. Mkiendelea kuandika programu kwa kasi ya kawaida, kufikia tarehe 9 safu ya kazi zinazosubiri kupimwa itakuwa imejaa huku ile ya zilizokamilika ikiwa karibu tupu. Mteue mmoja wa wale wanne apime tangu siku ya kwanza, na siku zake uzitoe kwenye za kuandika.

Kuhusu programu ya kurekebisha yenyewe, sehemu ya `Working days` katika Jira hunyoosha mstari wa mwongozo kwenye `Burndown`, chati inayoonyesha kazi iliyobaki, lakini haipunguzi pointi mlizobeba wala haigusi `Due date`. Azure DevOps hupunguza saa, ila kwa mtu aliyejaziwa `Days off` zake. Wanaonikera zaidi ni wanaouza majedwali yenye sikukuu zilizokwisha kujazwa "kwa Afrika Mashariki". Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili huhamia Jumatatu, lakini kwetu haihami. Muungano wa mwaka 2026 ni Jumapili tarehe 26 Aprili, na jedwali la namna hiyo litakupumzisha tarehe 27 wakati mteja wako yuko ofisini Mtumba. Nanenane nayo ni Jumamosi, kwa hiyo wanaojaa Nzuguni siku hiyo hawaipunguzii timu yako chochote. Idd, inayofuata mwandamo wa mwezi, haiwezi kujazwa kwa uhakika mwaka mzima kabla, na ndiyo maana siku zinazoizunguka hazipangiwi makabidhiano.

Na hiyo Jumamosi ya kufidia, iondoe kwenye mpango. Sprinti iliyofidiwa wikendi huacha kwenye kumbukumbu kasi isiyo ya kweli, na sprinti inayofuata hupangwa kwa kasi hiyo. Nimeona pia viongozi wa timu, wengi wao watu wema tu, wakimwomba aliye likizo "afungue kompyuta kidogo". Wewe usifanye hivyo, na ukumbuke kwamba kisheria saa ya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Kama tarehe ya mkataba haisogei, punguza kazi zilizomo na umwandikie mteja kabla ya tarehe 30 Machi, ukimtajia kwa majina zile ambazo hatazipata tarehe 10.