Hela ya korosho ifike mpaka Novemba

Kuna dada yangu wa Tandahimba kaniandikia inbox, anasema kila mwaka hela ya korosho ikifika Machi imeisha, na Juni mume wake anapokea hela ya kangomba, yaani anauza korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa, ili waishi. Dada, umenigusa pabaya, maana mimi nimekulia kwenye nyumba kama hiyo hiyo, korosho zetu zilikuwa zinaliwa zikiwa bado maua, na mpaka leo nikimuona mtu wa kangomba kijijini moyo unachafuka.

Sasa mimi kwangu msimu huu hatujagusa kangomba na nasema kwa kujivunia kabisa. Siri ni kwamba sigawi hela kwa miezi 12 sawasawa, kwa sababu miezi haifanani. Januari mpaka Machi chakula bei juu na shambani bado hakijakomaa. Kuanzia Aprili unakula mahindi yako na muhogo, jikoni panapoa. Halafu Mei mpaka Agosti mkorosho wenyewe unadai, palizi, salfa, mtu wa kupulizia. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapovunjikia, maana usipopulizia salfa ugonjwa wa ubwiri unga unaunguza maua, mavuno yanashuka, na mwakani unakuwa na shida kubwa zaidi.

Tuchukue mfano, umelipwa minada yote, makato yametoka, ya kula Desemba umeshaitoa, umebaki na 2,400,000. Jikoni Januari mpaka Machi weka 150,000 kwa mwezi, ni 450,000. Aprili mpaka Novemba weka 80,000, miezi 8 ni 640,000. Usiishie Oktoba jamani, mnada unafunguliwa Oktoba lakini hela kuingia akaunti inaweza kuchelewa. Shule 250,000. Shamba 600,000. Inabaki 460,000, na hiyo ndiyo ya bati, nguo, unyago wa mtoto, na ugonjwa. Ukitaka ngoma ya milioni basi ujue unacheza na salfa yako, nisameheni ndugu zangu Wamakonde ila lazima tuambiane.

Malipo hayaji kwa mkupuo, kwa hiyo mimi ya kwanza yote inaenda kwenye mahindi na shule. Mahindi nanunua magunia ya Januari mpaka Machi mapema kabla bei haijapanda, naweka kwenye mifuko ile yenye plastiki ndani ili dumuzi asiingie. Malipo ya pili ndiyo ya shamba, na hii haikai kwenye simu, kwenye simu itaombwa tu na shemeji. Iweke benki kwa fiksi inayoiva Mei.

Au kama mna kikoba, hili mliongee mapema: vikoba vingi vinavunjwa Desemba, wakati kila mtu ana hela ya korosho mkononi, inaliwa yote kwenye sikukuu. Sisi tulibishana sana, kina mama wengine walinuna, lakini tumehamisha kuvunja mpaka Mei, na mwaka huu wanachama wetu wamenunua salfa kwa hela yao wenyewe.