Usijumlishe siku za kazi za msimu mzima: funzo kwa wanaoanza kupanga mazao kwa hesabu

Mpango wangu wa kwanza wa shamba uliotokana na upangaji wa mstari, yaani hesabu ya kutafuta faida kubwa kabisa ndani ya mipaka ya ardhi, kazi na mtaji, ulikuwa sahihi kwenye karatasi, lakini shambani usingetekelezeka. Mwenye shamba aliusoma, akaniuliza, "Mwanangu, hii palizi atapalilia nani?" Sikuwa na jibu. Nakuonyesha kosa lilikokuwa, maana naliona kwa karibu kila anayeanza.

Nimerahisisha tarakimu, na fedha nazihesabu kwa vizio tu. Shamba lina ekari 10, mtaji ni vizio 350, na familia ina siku 500 za kazi kwa msimu. Siku moja ya kazi ni mtu mmoja kufanya kazi kutwa. Ekari ya mahindi hula siku 30 na mtaji wa 20, na hubakiza faida ya 40. Ekari ya vitunguu hula siku 60 na mtaji wa 50, na hubakiza 85. Faida hapa ni mauzo ukiondoa mbegu, mbolea, dawa na gharama nyingine zinazopanda na kushuka kulingana na eneo. Kazi ya familia usiitoe humo, kwa sababu tayari umeiwekea mpaka wake. Ukiitoa, utakuwa umeihesabu mara mbili.

Ekari za mahindi ziwe x, za vitunguu y:

```
max 40x + 85y
x + y <= 10
30x + 60y <= 500
20x + 50y <= 350
x, y >= 0
```

Jibu ni ekari 5 za mahindi na 5 za vitunguu, faida 625. Ardhi imekwisha, mtaji umekwisha, na siku 50 za kazi zimebaki. Ukisoma hivyo utasema watu wapo wa kutosha, kinachokosekana ni fedha, basi mwenye shamba akakope. Hivyo ndivyo nilivyomshauri.

Tatizo ni kwamba siku ya kazi haiwekwi akiba. Mtu aliyekaa bure kabla ya kupanda hawezi kuzihamishia siku zile kwenye palizi. Katika mwezi wa palizi, ekari ya mahindi ilihitaji siku 8 na ya vitunguu 18, kwa hiyo mpango wangu ulidai siku 130. Familia ilikuwa na 120. Gawanya nguvukazi kwa miezi, hata kwa wiki mbili mbili pale kazi zinapogongana, na kila kipindi kiwe na mstari wake. Hapa unaongezeka mmoja:

```
8x + 18y <= 120
```

Sasa jibu ni mahindi ekari 6, vitunguu 4, faida 580. Imeshuka, lakini hii inafikika. Mtaji uliotumika ni 320, yaani 30 zimebaki. Ule mkopo ungekaa bila kazi, tena una riba.

Hapo angalia bei kivuli, yaani faida inaongezeka kiasi gani ukipata kizio kimoja zaidi cha kitu kinachokubana. Kwenye ripoti ya Solver, kifaa cha Excel cha kutatua hesabu hizi, utaiona imeandikwa `Shadow Price`. Mtaji ni 0, ardhi ni 4 kwa ekari, na siku moja ya mwezi wa palizi ni 4.5. Unaweza kuihakiki kwa mkono: siku moja ya ziada inakuruhusu kubadili sehemu ya kumi ya ekari kutoka mahindi kwenda vitunguu, nayo ni 8.5 kutoa 4.

Kama kibarua analipwa 3 kwa siku, kila siku unayomwajiri inakuachia 1.5. Wengi huishia hapo na kuajiri watu ovyo. Bei kivuli ina kikomo chake. Kila siku ya ziada inaongeza mtaji wa 3 kwa ajili ya vitunguu, na ujira wa 3 juu yake, jumla 6. Zile 30 zilizobaki zinatosha siku 5 tu. Unafika mahindi 5.5, vitunguu 4.5, na faida 587.5 baada ya kulipa vibarua. Ukivuka hapo, mtaji ndio unaobana, na ni wakati huo tu ndipo swali la mkopo lina maana.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, kaa na mwenye shamba na kalenda. Muulize ni wiki zipi watu hawatoshi, na kila zao linataka nini katika wiki hizo. Usimwulize jumla ya mwaka, kwani atakupa tarakimu ya kukuridhisha. Muulize kuhusu palizi iliyopita: mlikuwa wangapi, mlianza lini, mlimaliza lini, na kipande gani magugu yaliwashinda. Kipande kile ndicho kitakachokuonyesha mpaka ulipo.