Barua ya kukumbusha malipo: iandike ili mteja aweze kuipeleka mbele

Wiki hii kijana mmoja anayechapisha mabango na kadi za arusi katika komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, ameniletea barua aliyotaka kumtumia mteja anayechelewa kulipa. «Yaya, isome kwanza, nisije nikamkasirisha,» aliniambia. Mstari wa kwanza ulisema: «Kama nilivyokwisha kukuandikia katika barua yangu iliyotangulia.» Nilicheka, kwa kuwa maneno hayo hayo nilikuwa nimeyafuta katika barua yangu mwenyewe siku chache tu zilizopita, na fedha zangu zimekwisha kuingia katika konti.

Mimi hutafsiri maagizo ya usalama, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, kwa kampuni ndogo zinazofanya kazi migodini upande wa Likasi na Kolwezi. Mteja mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa na fakitire yangu ya dola 1,500 ambayo muda wake ulikuwa umepita. Huko kazini tunaandikiana kwa Kifaransa, lakini rasimu yangu ya kwanza, nikiiweka kwa Kiswahili, ilikuwa hivi:

«Bwana, kama nilivyoeleza katika barua yangu iliyotangulia, ambayo pengine haikukufikia, hadi leo bado hujalipa fakitire yangu. Naelewa kwamba una shughuli nyingi, lakini muda uliotolewa ulitosha. Nakushukuru mapema kwa kulishughulikia jambo hili bila kuchelewa tena.»

Hakuna tusi hata moja humo, na kila sentensi imevaa koti na tai. Hata hivyo, Bwana huyo angeelewa vizuri kabisa kwamba namwita mzembe na mwongo. Nakiri kwamba kuiandika kulinipa raha, kwa maana nilikuwa nimeumia: wafanyakazi wao walikuwa wanatumia tafsiri yangu kila asubuhi kabla ya kuingia kazini, na mimi bado nasubiri haki yangu.

Barua hiyo sikuituma. Mtu ninayemwandikia ni mkuu wa ununuzi, naye halipi. Anayelipa ni mhasibu. Katika kampuni za namna hii mhasibu hatoi fedha mpaka awe na karatasi tatu pamoja: boni ya komande, fakitire, na hati ya kupokea kazi iliyotiwa sahihi na aliyeipokea. Kwa hiyo barua yangu hufanya kazi yake pale tu mkuu wa ununuzi anapoipeleka kwa mhasibu. Sasa ni nani atakayempelekea mwenzake wa ofisi barua inayoonyesha kwamba yeye aliandikiwa zamani na hakujibu? Ataiacha pale ilipo, aahidi moyoni kuishughulikia kesho, na kila siku inayopita itamwongezea aibu ya kujibu. Maneno ya kuchoma humziba mtu yule yule tunayetaka atufungulie njia.

Nilichofanya ni kuchukua kila kipande cha rasimu na kuuliza kinabeba habari gani. «Kama nilivyoeleza» kinadokeza kwamba maelezo yapo mahali pengine na kumtuma msomaji akayatafute. Basi nikayaleta maelezo yenyewe, yaani namba ya fakitire, kiasi na tarehe, na nikaambatisha fakitire upya. «Pengine haikukufikia» hakibebi kitu ila kejeli, nikakifuta. «Una shughuli nyingi» vilevile. «Nakushukuru mapema» ni amri iliyofichwa ndani ya shukrani. Nikaweka ombi la wazi lenye siku yake.

Kipande cha «hadi leo bado hujalipa» kilinichukua muda zaidi. Humo mna habari ya kweli, lakini inasemwa kama hukumu, tena kwa jambo nisilolijua: huenda fedha zimekwisha kutumwa na benki haijaziingiza. Ninachokijua mimi ni kile ninachokiona katika konti yangu. Kwa hiyo badala ya «hujalipa» niliandika «sijaona malipo». Mlipaji habadiliki, deni halipungui, lakini mkuu wa ununuzi hana tena la kujitetea, anabaki na la kuangalia tu.

Barua iliyokwenda ilikuwa na kichwa hiki: «Fakitire namba 14, dola 1,500, muda wa malipo 30 Aprili». Chini yake niliandika:

«Bwana, salamu. Fakitire namba 14 ya tafsiri ya maagizo ya usalama ilipaswa kulipwa tarehe 30 Aprili, na hadi asubuhi hii sijaona malipo katika konti yangu. Naiambatisha hapa pamoja na boni ya komande. Naomba unijulishe kabla ya Ijumaa tarehe 16 Mei siku ambayo malipo yamepangwa, au karatasi inayokosekana katika faili, ili niilete mwenyewe. Asante.»

Ile «au karatasi inayokosekana» ndiyo sentensi ninayojivunia, na sioni sababu ya kuficha fahari hiyo. Inampa mtu aliyechelewa jibu ambalo halimdhalilishi. Mchana ule ule aliipeleka barua yangu kwa mhasibu jinsi ilivyo, akiongeza maneno mawili tu, na mhasibu akajibu kwamba hati ya kupokea kazi ilibaki mgodini bila sahihi ya mkuu wa usalama. Fedha hazikuwa zimezuiwa na dharau ya mtu yeyote. Sahihi ikapatikana, malipo yakafuata, na mhasibu aliniomba fakitire zangu zote zije na kichwa cha namna ile.

Nimsahihishe pia yule kijana, kwa kuwa baada ya kufuta ukali alikimbilia upande wa pili: «Samahani sana kwa kukusumbua, kama ukipata nafasi.» Hapana, ndugu yangu. Kudai malipo ya kazi iliyokubaliwa si usumbufu, na «ukipata nafasi» ni ruhusa ya kutolipa. Kinachoondolewa ni mchomo; tarehe na kiasi vinabaki vigumu kama vilivyo.

Na msidhani ugonjwa huu uko katika maneno peke yake. Kumwekea direkta nakala bila kusema ni kwa nini, kuandika kichwa cha barua kwa herufi kubwa tupu, au kumwambia mtu kwenye Wasapu «naona umesoma», yote hayo yanasema «kama nilivyoeleza» kwa njia nyingine. Wapo wenzetu wanaosimulia kwa kicheko jinsi walivyompasha mteja. Waulizeni kama walilipwa.

Kuna barua moja tu ambamo barua za nyuma hutajwa, nayo ni onyo rasmi la mwisho kabla ya kwenda mahakamani. Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012, na utaratibu wake wa amri ya kulipa unahitaji deni lenye uhakika, lenye kiasi kinachojulikana, na ambalo muda wake umefika. Hapo unaandika «barua za tarehe 5 Mei na 12 Mei hazijapata jibu», tarehe tupu bila sifa wala lawama, kwa kuwa msomaji wako anaweza kesho kuwa hakimu. Hiyo usiitume kwa barua pepe peke yake. Ipeleke kwa mkono, na nakala yako irudi na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea.