Krimu, sikwinsi na bibi harusi wa saa tisa alasiri: maswali na majibu

"Mama fundi shikamoo. Nimealikwa harusi ya ufukweni, saa tisa alasiri. Nina gauni la satini rangi ya shampeni. Si jeupe, ni krimu iliyokolea. Nitamkosea bibi harusi?"

Marahaba mwanangu. Ndiyo, utamkosea. Usilivae.

Kila mwezi naletewa swali hili, na kila anayeuliza ananihakikishia kwamba "si jeupe". Analitazama gauni chumbani, chini ya taa, ambako hata karatasi huonekana ya njano. Ufukweni mwanga hautoki juu peke yake, maana mchanga na maji vinaurudisha kutoka chini. Satini nayo inang'aa, kwa hiyo kila sehemu iliyobana mwili inageuka mstari mweupe.

Halafu kuna kamera. Sisi watu weusi tukipigwa picha juani, mpiga picha anayejua kazi yake huongeza mwanga ili nyuso zisigeuke giza. Akifanya hivyo, rangi zote hafifu zinapotea: krimu, shampeni, waridi la kupauka, samawati ya kupauka, hata rangi ya fedha. Gauni la bibi harusi lilinunuliwa likiwa jeupe, lako linageuka jeupe pale pale, na kwenye albamu wanaonekana mabibi harusi wawili.

Niliwahi kumshonea mteja gauni la pichi hafifu kwa harusi ya mdogo wa mume wake, bustanini. Dukani tulilinganisha kitambaa na kipande cheupe, tukaona tofauti, tukaridhika. Kosa lilikuwa langu, sikukitoa nje. Picha zilipokuja, yule mteja amesimama bega kwa bega na bibi harusi, mikono ya lesi, urefu hadi chini, na tofauti ya rangi haionekani kabisa. Bibi harusi hakusema neno, ila picha ile ya familia hakuiweka ukutani. Tangu siku hiyo sikati kitambaa chochote cha rangi hafifu cha mgeni wa mchana kabla ya kukipima.

Kipimo chenyewe ni hiki. Toka nje kati ya saa sita na saa tisa mchana. Mtu ashike kitambaa kifuani, na mkono mwingine karatasi nyeupe. Rudi nyuma hatua kumi, fungua kamera ya simu, gusa uso wake kwenye kioo ili simu ipime mwanga wa uso, kisha piga. Tazama picha bila kuikuza. Kama huoni tofauti mara moja, kitambaa hicho kiache kwa siku nyingine. Rangi zinazopita bila wasiwasi ni damu ya mzee, bluu ya giza, kijani kilichokolea, zambarau, hudhurungi na njano ya haradali.

"Naomba kujua, mwanaume akivaa shati jeupe ni tatizo?"

Hapana. Suti nyeupe kuanzia koti hadi suruali ndiyo tatizo, na kanzu ni vazi la heshima lisilohitaji kuulizwa.

"Kadi imeandika rangi ni kijani na dhahabu. Ni lazima?"

Kabla ya lazima, uliza ni rangi za nani. Kwenye harusi zetu rangi zinazotajwa mara nyingi ni za mapambo, za kamati au za wapambe, na mgeni anayezivaa zote mbili kwa pamoja huonekana amejipa cheo. Mpigie mwanakamati aliyekuletea kadi. Usimpigie bibi harusi, ana mambo yake wiki hiyo. Ukiambiwa ni za wageni wote, chukua moja, nayo iwe kijani. Dhahabu ya kitambaa kinachong'aa ina shida ile ile ya shampeni.

"Gauni langu la sikwinsi nilishona kwa sendofu ya dada. Nataka kulirudia harusi ya bustanini mchana, nitakaa mbele na familia."

Kulirudia ni vizuri, nguo haishonwi kwa siku moja. Tatizo ni jua. Ukumbini sikwinsi inapokea mwanga wa taa kidogo kidogo, lakini juani kila kipande ni kioo. Ukikaa mstari wa mbele, vidoa vya mwanga vinaruka hadi usoni kwa maharusi wakati wa viapo, na video yote inavichukua. Rangi kali sana nazo zina tabia hiyo. Kijani cha ndimu au pinki ya kuwaka ukisimama karibu na gauni jeupe, jeupe lile linapokea rangi yako upande mzima. Bibi harusi atalipia gauni lake halafu lionekane la kijani kwa sababu yako. Kama sherehe inaendelea jioni ukumbini, libebe ubadilishe huko.

"Nyeusi inaruhusiwa?"

Kwa vijana wengi ndiyo, lakini wazee wengi bado wanaiona ya msiba, na saa nane mchana itakupika. Vaa bluu ya giza.

"Nimenunua kitenge yadi sita. Nishone nini kwa harusi ya ufukweni? Naogopa kuonekana wa kawaida."

Nimefurahi. Kitenge cha pamba ndicho vazi la mchana kuliko satini zote mnazoniulizia. Kinapumua, rangi zake hazipauki kwenye picha, na hakuna atakayekudhania bibi harusi. Angalia tu kisiwe na uwanja mweupe mkubwa kati ya maua.

Kwanza kiloweke usiku mmoja na ukikaushe kabla hakijakatwa. Pamba hurudi, na gauni lililokutosha kwa fundi litakubana baada ya kufuliwa. Gauni la kufika katikati ya muundi, kwa mwili wa wastani, linachukua yadi tatu hadi nne. Kinachobaki kishone kilemba cha chini. Nasema cha chini kwa sababu kilemba kirefu kwenye viti vya bustanini kinamzibia aliye nyuma, na mara nyingi aliye nyuma ni shangazi aliyesafiri usiku kucha kuja kuona viapo.

Usishone sketi ya mwavuli. Upepo wa bahari huongezeka alasiri, na nimewaona wageni wakishika nguo kwa mikono miwili huku wageni wote wakiwatazama wao badala ya maharusi. Kumfunika bibi harusi si kwa rangi peke yake. Mwambie fundi akate sketi iliyonyooka yenye mpasuo mfupi nyuma, na pindo la chini liwe pana, sentimita tano, ili liwe na uzito. Ukipenda shifoni badala ya kitenge, simama mlangoni jua likiwa nyuma yako, mtu akutazame kutoka ndani. Akiona miguu, vaa shimizi.

Na kitenge kipeleke kwa fundi wiki tatu kabla. Wanaonijia Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi wasinilaumu kwa pindo.

"Viatu vya kisigino kirefu kwenye nyasi, kuna ujanja?"

Kisigino chembamba kitazama kwenye nyasi zilizomwagiliwa asubuhi, na kwenye mchanga hutafika kitini. Vaa kisigino kipana au soli iliyonyanyuka yote kwa pamoja, na ufukweni vaa ndala za ngozi. Pima urefu wa gauni ukiwa umevaa viatu hivyo hivyo, maana gauni lililopimwa kwa kisigino kirefu litaburuza mchanga.