Kutoka kusini au kuelekea kusini?

*Natafsiri ripoti ya hali ya hewa ya mwezi Julai. Ina mchoro wa duara wenye petali, na petali ndefu kuliko zote imelalia kusini-mashariki. Niandike “upepo ulivuma kusini-mashariki” au “kutoka kusini-mashariki”? Na mchoro wenyewe nauiteje?*

Andika “kutoka kusini-mashariki”, wala usiiache hiyo “kutoka”. Ukisema “ulivuma kusini-mashariki”, msomaji mmoja ataelewa upepo ulikuwa unakwenda huko, mwingine ataelewa ulivuma katika eneo hilo tu. Katika mchoro huu petali huonyesha upepo unakotokea. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nazo husema upepo “unatarajiwa kuvuma kutoka” upande fulani.

Kiswahili kilikuwa na mantiki hiyo zamani. Kusi ni upepo, na kusini ni huko kusi linakotoka. Vivyo hivyo kaskazi na kaskazini. Baharia wa pwani akisema “kusi limeingia”, hakuna anayedhani upepo unaelekea kusini. Jihadhari tu ripoti ikitaja mkondo wa bahari, maana mkondo huelezwa kwa upande unakokwenda. Upepo wa kusini na mkondo wa kuelekea kaskazini vinaweza kuwa vinasukuma chombo upande uleule.

Kosa jingine la watafsiri ni kuita petali ndefu “upepo mkali”. Urefu wake ni wingi wa nyakati. Tuseme kipimo kilisoma upepo kila saa kwa siku 30, yaani mara 720, na petali yako imefika kwenye mzingo wa asilimia 30. Maana yake ni kwamba mara 216 upepo ulitoka upande huo. Ukali unausoma kwenye rangi zilizoigawa petali. Ikiwa kipande cha rangi ya kasi ya juu kinaanzia asilimia 24 na kuishia 30, basi kasi hiyo ilipatikana kwa asilimia 6 tu ya muda, kama mara 43. Tazama urefu wa kipande, usitazame upana, kwa sababu petali hupanuka kadiri inavyotoka katikati na kipande cha nje hulidanganya jicho. Asilimia inayoandikwa katikati ya duara ni ya saa ambazo hapakuwa na upepo wa kupimika. Neno lake tunalo, shwari.

Jina? Mimi napendelea “waridi la upepo”, kwa kuwa petali zinaonekana na msomaji hapotei. Mara ya kwanza liandikie maelezo mafupi: mchoro wa duara unaoonyesha upepo ulitoka pande zipi na mara ngapi. Kisha sentensi yako iwe hivi: “Mwezi Julai upepo ulivuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa asilimia 30 ya muda.”