Kilomita zimepungua, betri imechoka?

"Gari langu la umeme likijaa chaji lilikuwa linaonyesha kilomita 400, sasa ni 300. Betri ndiyo inakufa?"

Usiihukumu betri kwa namba hiyo, ndugu yangu. Magari mengi huchukua umeme uliobaki na kuugawa kwa ulaji wako wa siku za karibuni. Betri yenye kilowati-saa 60 za kutumika, ukila 15 kwa kila kilomita 100, inakupa 400. Ukikimbiza sana barabara kuu, au ukiwasha hita kwenye baridi, ulaji ukafika 20, betri ileile inasoma 300 bila kupoteza chochote.

Afya yenyewe ipime hivi. Chaji hadi asilimia 90, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, kisha endesha mfululizo siku isiyo na baridi mpaka ibaki 20. Tuseme kipimo hicho kinaonyesha umetumia kilowati-saa 39. Hiyo ni asilimia 70 ya betri, kwa hiyo gawa 39 kwa 0.7: karibu 56. Ikiwa mpya ilikuwa 60, basi imebaki na asilimia 93 hivi. Usipime kwa safari ya asilimia 10 tu. Hapo kipimo cha chaji kikikosea asilimia moja, jibu linapotoka kwa sehemu moja ya kumi.